Majina Yaliyomponyoka Camus

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya vitabu, na kwa miaka mingi nimezoea kwamba mwandishi yupo upande wa pili wa simu. Nikikutana na mhusika aliyeitwa Mashaka katika ukurasa wa kumi na Mashauri katika ukurasa wa tisini, nampigia mwenyewe, tunacheka kidogo, na jambo linakwisha. Mara moja tu nimewahi kupokea mswada wa mtu ambaye alikuwa ameshafariki. Ulikuwa umeandikwa kwa mkono katika kaunta buku tatu, na aliyeuleta ni binti yake, umefungwa ndani ya kanga. Mama wa mhusika mkuu aliitwa Mwanahawa katika kaunta buku ya kwanza, lakini kufikia ya tatu alikuwa amegeuka Bi Tatu. Kwa kuwa jina la Mwanahawa lilikuwa limetangulia, nilikuwa nimeshalisawazisha kwa penseli mswada mzima, kisha kwa adabu tu nikamwuliza binti kama ana neno. Aliutazama ukurasa kwa muda, akasema, "Kaka, Bi Tatu ni bibi yangu. Ndiye aliyemzaa baba."

Mswada ule haukuchapishwa hatimaye, kwa sababu zisizohusiana na jina hilo. Lakini ndio ulionirudisha kwenye riwaya ambayo nilikuwa nimeisoma zamani kwa haraka, Le Premier Homme, yaani Mtu wa Kwanza, ya mwandishi Mfaransa Albert Camus, na safari hii niliisoma kwa jicho la mtu mwenye penseli mkononi.

Camus alifariki tarehe 4 Januari 1960 katika ajali ya gari karibu na kijiji cha Villeblevin, Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 46. Katika mkoba wake zilikutwa kurasa 144 za mkono, rasimu ya riwaya aliyokuwa akiiandika katika nyumba yake ya Lourmarin. Mkewe, Francine, ndiye aliyeinakili kwanza kwa taipureta. Wakati huo vita vya Aljeria vilikuwa vikiendelea, na msimamo wa Camus kuhusu vita hivyo ulikuwa umemletea maadui wa pande zote, kwa hiyo familia na marafiki waliona kwamba kutoa kitabu ambacho hakijakamilika ni kuwapa watu hao fimbo ya kumchapia marehemu. Francine alifariki mwaka 1979 bila kukitoa. Binti yao, Catherine, ndiye aliyerudi kwenye karatasi zenyewe na kuzichapisha mwaka 1994, miaka 34 baada ya ajali.

Jambo la kwanza analoligundua msomaji wa toleo hilo ni kwamba halijafichwa kuwa ni rasimu. Mwandiko wa Camus katika kurasa zile ulikuwa wa mbio, wakati mwingine bila nukta wala mkato, na mhariri ameeleza kwamba alama za uakifishi amezirudisha yeye ili maandishi yasomeke. Neno ambalo hakuwa na hakika nalo limewekwa ndani ya mabano ya mraba. Palipo na neno lisilosomeka kabisa, mabano yameachwa matupu. Maneno ambayo Camus aliyaandika juu ya mengine bila kuyafuta yale ya chini yako miguuni mwa ukurasa, na vivyo hivyo maelezo aliyojiandikia pembezoni. Mwishoni zimefuata karatasi zilizokuwa zimelegea na daftari dogo la mipango. Binafsi sijui njia ya heshima kuliko hiyo ya kuchapisha kazi ya marehemu. Msomaji anaachiwa nyufa zote, na nyufa ndizo zinazosema.

Riwaya yenyewe inasimulia maisha ya Jacques Cormery, mtoto aliyezaliwa Aljeria mwaka 1913, ambaye baba yake aliuawa vitani mwaka uliofuata, akalelewa katika mtaa wa maskini wa Algiers na bibi mkali na mama mnyamavu asiyejua kusoma. Anayejua chochote kuhusu Camus anaona mara moja kwamba ni maisha yake mwenyewe. Yeye alizaliwa Mondovi mwezi Novemba 1913, baba yake akafa Oktoba 1914 kwa majeraha aliyoyapata katika mapigano ya Marne, akazikwa Saint-Brieuc. Hata jina la Cormery halikutoka mbali, maana ni la ukoo wa bibi yake mzaa baba. Hata hivyo, ilikusudiwa kuwa riwaya, na mwandishi wa riwaya huvika nguo watu anaowachukua kutoka nyumbani kwao.

Sasa tutazame nguo hizo zinavyovuka. Mama wa Jacques katika sura ya kwanza anaitwa Lucie. Mbele anaitwa Catherine, na Catherine ndilo jina halisi la mama yake Camus. Mjomba, yule fundi wa mapipa asiyesikia vizuri, anaitwa Ernest mahali pengine na Étienne pengine, na Étienne ndilo jina la mjomba halisi wa Camus. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alikwenda nyumbani kumshawishi bibi amruhusu mtoto kuendelea na masomo, anaitwa Bwana Bernard. Katikati ya sura ya shule anaitwa ghafla Bwana Germain, na huyo ni Louis Germain, mwalimu ambaye Camus alimwandikia barua ya shukrani baada ya kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 1957.

Mhariri wa kawaida angeyaita haya makosa ya kusahau, na ni kweli kwamba mwandishi angeyasahihisha. Hakuna mtu anayechapisha kwa hiari yake riwaya yenye mama wa majina mawili. Lakini kosa la kusahau halina upande. Mtu aliyechoka anaweza kuandika Lucie, kisha Louise, kisha Lucienne, kadiri kalamu inavyompeleka. Hapa majina yote yanatelezea upande mmoja, yanatoka kwenye jina la kubuni kwenda kwenye jina la kweli. Kadiri Camus alivyoandika kwa kasi, ndivyo pazia lilivyomponyoka. Huo kwangu ndio ushahidi mzito kuliko wote uliomo katika kurasa zile, kwa sababu mwenyewe hakujua kwamba anautoa.

Ushahidi huo unatuambia nini kuhusu kitabu ambacho kingetoka? Catherine Camus, katika maneno yake ya utangulizi, anaona kwamba baba yake, aliyekuwa mtu wa haya sana, angeyafunika zaidi mambo yake katika toleo la mwisho. Ni binti yake na alimjua, na mimi sina la kumpinga kuhusu tabia ya mtu. Ninachokiona ni kwamba pazia lingerudishwa kwenye majina, ila sidhani kama lingerudishwa kwenye kila kitu, kwa sababu kuna jina moja la kweli ambalo halikuponyoka bali liliwekwa makusudi. Kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya hadithi kuanza, Camus ameandika tabaruku: mwombezi ni mjane Camus, yaani mama yake, na kitabu ni chako wewe ambaye hutaweza kamwe kukisoma. Tabaruku haiandikwi kwa bahati mbaya. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu kama tabaruku ingebaki na jina hilo, basi kumficha mama ndani ya riwaya chini ya jina la Lucie kungekuwa kama kufunga mlango na kuacha ufunguo kitasani. Ama tabaruku ingeondoka, ama pazia lingekuwa jepesi sana. Nadhani lingekuwa jepesi. Lakini neno langu ni "nadhani", na katika mswada wa mtu aliye hai nisingelitumia, ningepiga simu.

Mabadiliko ya aina nyingine hayahitaji kukisiwa, kwa sababu Camus ameyaagiza mwenyewe. Juu ya ukurasa wa kwanza amejikumbusha kuongeza ule utupu wa ardhi na bahari ambao hauna jina la mtu. Pembeni pa kurasa za mwanzo zinazomhusu Jacques mtu mzima, amejiandikia kwamba tangu mwanzo ingefaa kuonyesha zaidi kile kilicho cha kutisha ndani yake. Kwa hiyo Jacques tunayemsoma, yule mtu mpole anayesimama makaburini akiwa na huzuni ya adabu, si Jacques aliyekusudiwa. Wasomaji wengi wanampenda kwa sababu ya upole huo. Inawezekana kabisa kwamba tunapenda kitu ambacho mwandishi alikihesabu kuwa pengo.

Lililonishangaza zaidi liko kwenye sura ya tatu. Baada ya kutoka kaburini kwa baba yake, Jacques anakwenda kula chakula cha usiku na mzee aliyewahi kumfundisha, anayeitwa Malan, na kwenye kichwa cha sura zimewekwa herufi J.G., ambazo ni za Jean Grenier, mwalimu wa falsafa wa Camus. Ni sura ya mazungumzo, mezani, baina ya mtu mzima na mzee anayemheshimu, na si mbaya. Chini yake Camus amejiandikia kwamba ni sura ya kuandika na kuifuta. Nilisoma maneno hayo mara tatu. Hakusema kwamba ni sura ya kuangalia tena wala ya kufupisha. Alikusudia tangu mwanzo kuiandika kisha kuitoa, pengine kwa sababu kuna mambo ambayo mwandishi hana budi kuyajua kuhusu mhusika wake ingawa msomaji hahitaji kuyaona, na njia pekee ya kuyajua ni kuyaandika. Nasi tunaisoma leo ikiwa imechapwa vizuri, ina namba yake na nafasi yake kati ya sura ya pili na ya nne. Mhariri hakuwa na namna nyingine, maana angeifuta angekuwa amejipa kazi ya marehemu. Ila msomaji anayeilaumu riwaya kwamba inapoa katika sura ya tatu ajue kwamba mwandishi aliwahi kuliona hilo kabla yake.

Kuna jingine ambalo halina maagizo wala kuteleza, ni hesabu tu. Sura ya kwanza iko mwaka 1913, mkokoteni unapita usiku kwenye barabara ya mawe, na mtoto anazaliwa. Sura ya pili inatuambia kwamba imepita miaka arobaini. Jacques amesimama mbele ya kaburi la baba yake huko Saint-Brieuc, amekwenda zaidi kwa kumridhisha mama yake kuliko kwa kutaka mwenyewe, na macho yake yanaangukia kwenye tarehe: 1885 hadi 1914. Anapiga hesabu bila kufikiri. Miaka 29. Yeye ana miaka arobaini. Mtu aliyelala chini ya jiwe lile, ambaye ni baba yake, ni mdogo kuliko yeye. Kwa ufahamu wangu hapo ndipo riwaya yote inapofunguka, na ingekuwa hivyo hata kama hakuna ukurasa mwingine uliosalimika.

Lakini 1913 na arobaini ni 1953. Kutoka pale Jacques anasafiri kwa meli kwenda Algiers kumwona mama yake, na huko anakuta askari wa miavuli wakipiga doria, na bomu linalipuka mtaani karibu na nyumba ya mama. Vita vya Aljeria vilianza Novemba 1954, na mabomu ya mitaani ndani ya mji wa Algiers ni habari za mwaka 1956 na 1957. Kalenda haikubali. Je, Camus angeirekebisha? Hapa najaribu kujiuliza kila suluhisho lingegharimu nini. Kuhamisha bomu hakuwezekani, kwa sababu bila vita safari ya Jacques inabaki ziara ya mtoto kwa mama yake. Kuhamisha mwaka wa kuzaliwa hakuwezekani pia, maana baba lazima awahi kumwona mtoto kisha afe mwaka 1914. Kinachobaki ni umri. Jacques angeweza kuwa na miaka arobaini na mitatu au minne bila tukio la kaburini kupungukiwa na kitu, kwa kuwa 43 nayo ni zaidi ya 29. Ama angeliacha neno "arobaini" kama lilivyo, namba ya mviringo ambayo msomaji haihesabu, kama sisi tunavyosema "miaka nenda miaka rudi". Katika miswada ninayohariri, kosa ambalo suluhisho lake ni jepesi namna hii huwa linasahihishwa kwenye prufu ya mwisho, na mara nyingi si mwandishi anayeliona.

Suala la mtindo ndilo ninaloliogopa, na ndilo ambalo watu hulizungumzia kwa ujasiri mkubwa. Sentensi za Le Premier Homme ni ndefu, nyingine zinajaza ukurasa, zinabeba joto, vumbi, harufu ya darasa na kelele za gati kwa pumzi moja. Wale waliozoea sentensi fupi na kavu za L'Étranger, riwaya ya mwaka 1942, huhukumu haraka kwamba huu ni mafuriko ya rasimu na kwamba Camus angeyakausha. Sioni msingi wa hukumu hiyo. Ukavu wa L'Étranger ni sauti ya Meursault, msimulizi wake, wala si kipimo cha mwandishi. Zaidi ya hayo, tukumbuke nani ameweka nukta. Mwandishi ambaye haweki alama anapoandika kwa kasi hajaamua bado sentensi inaishia wapi, na mhariri mwenye kumheshimu ataweka nukta pale tu ambapo hana budi. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya urefu tunaoupenda au kuuchukia si wa Camus wala si wa binti yake. Ni urefu wa karatasi ambayo haikusomwa tena. Ipo hata hivyo mirefu ambayo imejengwa, ambamo kila kishazi kinashika mkono wa kingine hadi mwisho, na mtu akiikata inaanguka.

Tunachoweza kukitegemea kidogo ni mazoea yake katika kazi alizozimaliza. Rasimu ya kwanza ya La Peste, riwaya ya tauni, ilikuwepo tayari mwanzoni mwa mwaka 1943, na kitabu kilitoka mwaka 1947. Katikati ya miaka hiyo Camus alimwondoa mhusika mzima, mwalimu wa lugha za kale aitwaye Stephan, na akamwingiza mwandishi wa habari, Rambert, ambaye hakuwemo. Kabla ya hapo aliiacha kabisa riwaya nyingine, La Mort heureuse, akachukua alichokiona kuwa hai ndani yake na kukipeleka kwenye L'Étranger. Ilichapishwa mwaka 1971, akiwa amekwisha kufa. Huyu si mtu wa kufuta vivumishi. Akirekebisha, hubomoa ukuta. Kwa hiyo anayekaa na Le Premier Homme akibashiri ni kishazi gani kingekatwa anabashiri kidogo mno. Huenda mhusika tunayempenda asingekuwepo.

Nimejaribu kufanya zoezi hilihili na vitabu vya kwetu nikakwama. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zikatoka mwaka 1968. Lakini hizo ni kazi zilizotimia, zimetufikia zikiwa safi, bila mabano matupu wala maneno ya pembeni. Ukurasa safi haumwambii msomaji wapi kalamu ilisita, na hapo hata niwe na hamu namna gani, sina pa kushika.

Kwa Camus tunapo pa kushika hata kwenye kile ambacho hakikuandikwa. Zipo sehemu mbili, ya kwanza ya kumtafuta baba na ya pili ya mtoto, ambayo ndiyo kwanza imeanza. Ya tatu ilikuwa iwe ya mama. Katika daftari la mipango yumo Mwarabu aitwaye Saddok, ambaye ndani ya sura zilizopo hana nafasi, na upo ukurasa wenye wito wa kuirudisha ardhi, ardhi isiyo ya mtu, ipewe maskini. Msomaji wa Kiafrika anayelalamika kwamba Waarabu wa riwaya hii wanapita nyuma ya pazia kama vivuli ana haki ya kulalamika, nami nimo. Ninachoongeza ni kwamba mizani ya kitabu ilikuwa upande ambao haukuandikwa, na kwamba mpango wa daftari si sura. Wito wa ardhi ungeweza kubaki, ungeweza kuwekwa kinywani mwa mtu mwingine, ungeweza kwenda njia ya Stephan.

Katika daftari hilohilo kuna mstari ambao kila anayeusoma husimama. Camus ameandika kwamba kitabu lazima kiwe hakijakamilika, na ametoa mfano wa namna kitakavyokatika: "Na ndani ya meli iliyokuwa ikimrudisha Ufaransa..." Maana yake ni kwamba alitaka hadithi imkatikie msomaji mkononi katikati ya sentensi, mtu akiwa baharini, hajafika. Nilipokwisha kuusoma mstari huo nilirudi kwenye ukurasa wa mwisho wa rasimu. Sura ina kichwa chake, nacho kinasema juu ya mtu aliye giza kwake mwenyewe. Sentensi ya mwisho ni ndefu kuliko karibu zote zilizotangulia, inapinda, inarudi, inaitumainia ile nguvu ya gizani iliyombeba Jacques siku zote imjalie sababu za kuzeeka na kufa bila kuasi. Hapo inatua. Haina nukta tatu, wala haina meli. Ni sentensi iliyofika mwisho wake.